Pochi ilisema nina dola 590, kubadilisha kukaniambia vingine

Nimeitumia programu hii ya kutuma pesa karibu mwaka mzima, na pochi yake ya sarafu nyingi ndiyo iliyonivutia. Kila sarafu ina salio lake, na juu kabisa kuna jumla. Jumla hiyo ndiyo iliyonipotosha.

Jumamosi moja nilikuwa na euro 400 na dola 150, na juu pameandikwa dola 590. Maana yake euro zangu zilihesabiwa kwa 1.1000, kiwango cha kati cha soko, yaani katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Nikabonyeza kubadilisha euro zote. Ukurasa wa kuthibitisha ukaonyesha ada sifuri, lakini nitapokea dola 433.40, si 440. Gawanya 433.40 kwa 400, unapata 1.0835. Zile dola 6.60, asilimia 1.5, zilikuwa zimefichwa ndani ya kiwango chenyewe. Kwa hiyo ile jumla ni makadirio tu. Hakuna mtu atakayekulipa kwa bei hiyo.

Kabla ya kuthibitisha nilirudi nyuma na kujaribu upande wa pili: euro moja ningeinunua kwa dola 1.1165. Zile dola 433.40 zingenirudishia euro 388.18. Euro karibu 12 zingepotea kwa kwenda na kurudi, bila soko kusogea hata kidogo. Jaribio hili nalipenda kwa sababu halihitaji ujue kiwango cha soko. Unasoma kurasa mbili za kuthibitisha bila kukubali yoyote, na pengo lenyewe linakuonyesha makato.

Sababu nyingine ya makato kuwa makubwa ilikuwa siku. Soko la fedha za kigeni hufungwa Ijumaa jioni kwa saa za New York na kufunguliwa Jumapili jioni, hivyo programu kadhaa huongeza makato wikendi ili kujikinga na bei itakayofunguka. Nilisubiri hadi Jumatatu. Soko lilikuwa 1.1010, nami nikapewa 1.0955, yaani dola 438.20. Makato yalishuka hadi kama nusu asilimia. Kusubiri kulinifaa, ingawa bei ingeweza pia kushuka na kumeza faida yote.

Jingine lililoniudhi ni kadi. Salio la dola lisipotosha, inajichotea kutoka kwenye euro kwa kiwango cha saa hiyo, na hapo hakuna ukurasa wa kuthibitisha. Kiwango unakiona baadaye, ukifungua muamala. Sasa hubadilisha mapema kiasi nitakachohitaji.

Nampa nyota tatu kati ya tano huyu mtoa huduma. Pesa hufika haraka na hesabu za muamala ziko sahihi. Nyota mbili nimezizuia mpaka pale kwenye neno "ada sifuri" paandikwe pia tofauti kati ya kiwango chake na cha soko.