Miezi kadhaa na Excel katika daftari la mikopo la kikundi chetu Ngamiani

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga. Tuko wanachama 38, wengi wao wakiwa wauza dagaa wanaonunua mzigo soko la samaki la Deep Sea na wachuuzi wa machungwa ya Muheza. Kwa miaka kadhaa mikopo yetu ilikaa katika kaunta buku, na mwanzoni mwa mwaka 2025 niliihamishia kwenye Excel, katika kompyuta mpakato iliyokwishatumika ambayo kikundi kilinunua. Ninaeleza hapa jinsi nilivyolitengeneza jedwali lisomeke kwenye kioo na kwenye karatasi tunayobandika ukutani, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti na kila moja linahitaji kazi yake.

Vichwa vya safu viko mstari wa 4, na wanachama wanaanzia mstari wa 5 hadi wa 42. Safu A ni namba, B jina, C simu, D mkopo, E tarehe ya mwisho ya rejesho, F salio na G hali. Nilitaka mstari mzima wa mtu ugeuke mwekundu iwapo bado ana salio na tarehe yake imepita. Nilichagua seli A5 hadi G42 nikianzia A5, nikafungua Conditional Formatting, kisha New Rule, nikachagua ile ya kutumia fomula na kuandika hivi:

```
=AND($F5>0,$E5<TODAY())
```

Alama ya dola mbele ya F na E ndiyo inayofanya mstari wote upakwe rangi, kwa kuwa kila seli ya mstari huo inalazimika kutazama safu hizo hizo mbili. Namba 5 haina dola, ili kanuni ishuke pamoja na mistari. Namba hiyo lazima ilingane na mstari wa kwanza uliouchagua. Ukichagua kuanzia juu kabisa ya safu huku fomula ikitaja mstari wa 5, rangi itaangukia mtu aliye mistari minne juu ya mdaiwa mwenyewe.

Fomula ilikuwa sahihi, lakini Jumamosi ya tarehe 22 Machi, tulipokutana baada ya Alasiri, jedwali lilisema uongo mbele ya watu. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye rejesho lake lilikuwa la tarehe 2 Mei, alikuta jina lake limepakwa rangi nyekundu. Aliniambia kwa utaratibu, "Mwanangu, deni langu halijafika, mbona umenianika?" Wakati huohuo mwanachama aliyetakiwa kumaliza tarehe 4 Machi, na aliyebakiwa na salio la shilingi 120,000, alikuwa mweupe. Mwingine wa tarehe 25 Februari naye alikuwa mweupe. Jambo hili liliniuma sana, kwa sababu katika kikundi kama chetu jina la mtu ndiyo dhamana yake.

Usiku ule niliipata sababu. Mpangilio wa eneo katika Windows ulikuwa wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Niliandika 02/05/2025 nikimaanisha tarehe 2 Mei, kompyuta ikasoma tarehe 5 Februari. Niliandika 04/03/2025, ikasoma tarehe 3 Aprili. Nilipoandika 25/02/2025 haikuupata mwezi wa 25, kwa hiyo ikaiacha kama maandishi tu, na Excel inapolinganisha maandishi na namba huyahesabu maandishi kuwa makubwa zaidi siku zote. Ndiyo maana sharti la "ndogo kuliko leo" halikutimia kamwe kwa mstari ule.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo, ila sikujua kuzisoma. Usipoipangia seli upande, tarehe ya kweli hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto, na safu yangu ya E ilikuwa na mchanganyiko. Kipimo kilicho bora zaidi ni kuibadili safu yote ionyeshe jina la mwezi, kwa muundo wa dd-mmm-yyyy. Hapo tarehe iliyogeuzwa inajitangaza yenyewe, na ile iliyo maandishi inabaki vilevile bila kubadilika. Nilirekebisha eneo kwenye Windows, kisha nikaziandika upya tarehe zote 38 nikiwa na kaunta buku mkononi, kwa kuwa kubadili mpangilio hakuzirudishi tarehe zilizokwisha kusomwa vibaya. Muundo ule wa jina la mwezi sijauondoa hadi leo.

Kugandisha vichwa ni kazi nyepesi. Unapanda hadi juu kabisa ya jedwali, unasimama C5, unafungua View, kisha Freeze Panes. Mistari minne ya juu na safu za namba na jina vinabaki mahali pake unapotembeza. Kupanda juu kwanza ni muhimu, kwa maana ukigandisha huku umeshuka, mistari iliyopita juu ya kioo hutaweza kuifikia mpaka uondoe mgandisho.

Hata hivyo mgandisho huo haufiki kwenye karatasi. Nilikuza urefu wa mistari hadi 24 ili wazee wasome bila kuinama, na daftari likawa kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulitoka na tarakimu tupu zisizo na vichwa. Dawa yake iko Page Layout, kwenye Print Titles, ambako katika sehemu ya mistari ya kurudia juu niliandika $4:$4. Ukiingia kupitia dirisha la kuchapa, sehemu hiyo huwa imefifia na haikubali kuandikwa, kwa hiyo ingia kupitia Page Layout yenyewe.

Upana wa safu niliupata kwa kubofya mara mbili mpaka ulio kati ya herufi za safu. Salio likijitokeza kama ##### hakuna kilichoharibika. Safu ni nyembamba tu. Jina refu ni la kuangaliwa zaidi, kwa sababu hukatwa kimyakimya pale seli ya jirani ikiwa na kitu. Safu ya simu naificha kabla ya kuchapa, kwa kuwa namba za watu si za ukutani. Karatasi niliiweka A4 badala ya Letter, upana ukurasa 1 na urefu Automatic, ili maandishi yasibanwe yakawa madogo kupita kiasi.

Duka la steshenari tunalochapia hutoa nyeusi na nyeupe, na wekundu wangu ulitoka kijivu kizito kilichomeza majina. Sasa natumia rangi hafifu na herufi nene, na safu G inasema kwa neno kile ambacho rangi haiwezi kukisema kwenye karatasi:

```
=IF(AND(F5>0,E5<TODAY()),"LIMECHELEWA","")
```

Faili napeleka ikiwa PDF, kwa sababu kompyuta na printa nyingine huweza kuhamisha mahali ukurasa unapokatika.

Jambo moja bado linahitaji uangalizi kila mwezi. Ninaponakili mstari na kuubandika mahali pengine, kanuni ya rangi nayo hunakiliwa na kugawanyika vipande. Siku moja nilifungua Manage Rules nikakuta kanuni yangu moja imekuwa tisa, kila moja ikishika mistari yake. Nilifuta nane, nikairudishia iliyobaki eneo la $A$5:$G$42, na tangu hapo nabandika thamani peke yake.