Waya wa kipimo bora au biti za drili: kupima nyuzi za M20 kwa waya tatu

Nyuzi za M20 zenye pichi ya milimita 2.5 na pembe ya digrii 60 zina kipenyo cha pichi cha msingi cha milimita 18.376. Waya bora wa kulazwa katika mifereji yake ni 0.57735 × 2.5, yaani milimita 1.443. Ikiwa M ni usomaji wa maikromita juu ya waya, E kipenyo cha pichi, W kipenyo cha waya na P pichi, maikromita inapaswa kusoma:

```
M = E + 3W − 0.866P
M = 18.376 + 4.330 − 2.165 = 20.541
```

Mashina ya biti tatu za drili za milimita 1.5, yakitumika badala ya waya, hugharimu kidogo na kwa kawaida tayari yamo karakana. Usomaji huwa 20.711. Hata hivyo kosa la W huzidishwa mara tatu, kwa hiyo mashina yote matatu yakipungua milimita 0.01 usomaji hupungua kwa 0.03, nayo huchakaa yanapoteleza kwenye chaki ya drili. Kila shina lipimwe kwanza.

Ubora halisi wa waya wa 1.443 ni kwamba hugusa mbavu za uzi kwenye mstari wa pichi, hivyo pembe ya uzi iliyochongwa vibaya haipotoshi sana jibu. Hata hivyo waya huo sharti upakwe mafuta dhidi ya kutu, na kila pichi hudai seti yake.

Anayechonga boliti moja ya ukarabati atatosheka na biti. Anayekagua geji asizitumie.