Unataka mbwa wa uso bapa? Angalia tundu za pua kwanza

Mwaka jana nilinunua pagi wa miezi miwili hapa hapa Mwanza, kamejikunja kwenye kapu kanakoroma taratibu, mi nikaona raha tu. Alipofika miezi kumi tukawa tunapandisha kilima cha Capri Point saa nne asubuhi, katikati ya njia akajilaza chini, ulimi umegeuka zambarau. Nikambeba mpaka kivulini, nikamwagia maji yote ya chupa tumboni. Dokta wa mifugo alimshika kidevu, akamwangalia puani, akasema tundu zimebana toka azaliwe, na kule kukoroma ndo ilikuwa dalili yenyewe.

Watu wanauliza rangi, wanauliza chanjo, pua hakuna anayeuliza. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Hawa mfupa wa uso umefupishwa ila nyama za ndani zimebaki nyingi, kaakaa laini linaziba koo, sasa tundu zikiwa finyu anavuta hewa kwa nguvu na kadiri anavyovuta koo linazidi kuvimba. Joto la huku na huu unyevu wa ziwani ndo kabisaa.

Chuchumaa mbele yake umwangalie akivuta pumzi. Tundu ziwe wazi, unaona giza ndani. Ukiona kamstari tu, na kuta za pua zinaingia ndani kila akivuta, rudisha hela yako mfukoni.

Shida ni kwamba mtoto wa wiki nane anaweza kuonekana mzima, matatizo yakaja akikua. Kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe mama na baba wa huyo mtoto. Wakimbize mdogo mdogo dakika tatu, asubuhi kabla jua halijawa kali, halafu tega sikio. Ukisikia mkoromo au mluzi umesimama hatua kadhaa pembeni, usichukue mtoto wao.

Mimi sifichi, ningeanza upya ningechukua boksa. Mdomo wake ni kama theluthi ya kichwa, mfupi ndio ila hewa inapita, na anakimbia na watoto. Wa pili pagi, ila yule tu ambaye wazazi wake wamepita hiyo dakika tatu. Buldogi wa Kifaransa namweka wa tatu kwa masharti hayo hayo. Buldogi wa Kiingereza kwa joto la huku hapana, na hata kuzaa wengi wao ni kwa kupasuliwa. Wa bei chee ambaye wazazi hawaonekani, pita.

Kinachoniuma ni wauzaji wanaopandisha bei eti huyu uso umebapa zaidi, yaani unalipia ule ubovu wenyewe! Na ukimwambia nionyeshe mama anakwambia yuko Dar. Wangu alifanyiwa opresheni, wakampanua tundu na kupunguza kaakaa, anapumua vizuri kuliko zamani ila kawaida hajarudi. Matembezi yetu ni saa kumi na mbili asubuhi, kamba ya kifuani, ya shingoni nilishatupa.