Simu inakwama? Soma skrinishoti ya Storage kabla hujatoa hela

Dada mmoja kanitumia skrinishoti, simu ya GB 32, juu imeandikwa 31.1 GB used, chini video GB 9, picha 5, apu 8, system 8, vingine 1.1, halafu swali moja tu, kaka mbona inakwama na ninunue nini? Sasa hiyo picha inaonyesha nafasi ya kuhifadhi peke yake. Ramu, ile memori ya kuendeshea apu, haipo hapo, betri haipo, kwa hiyo usikimbilie dukani bado.

Namba moja ni kutonunua kitu. Ikibaki chini ya GB 1 simu inahangaika kila inapotaka kuandika, kamera inachelewa kusevu, apu hazijiapdeti. Kwake zile GB 9 za video nyingi ni za magrupu, ingia WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage, anza na zilizozidi 5 MB. Kwenye apu bonyeza Clear cache, ila Clear data usiiguse kama huna uhakika maana inafuta data zote za apu hiyo kwenye simu na kukutoa kwenye akaunti. Lenga GB 4 au 5 ziwe wazi kisha zima uwashe. Bado nzito? Iwashe kwa safe mode, inayozima kwa muda apu ulizoweka mwenyewe, ikikimbia vizuri humo basi mkosaji ni apu uliyoweka mwenyewe, toa moja moja ukianza na ya karibuni.

Namba mbili memori kadi, kama simu ina sehemu yake. Inafaa kwa picha na video za kamera, lakini mafaili ya WhatsApp yanabaki ndani ya simu, na kadi haiongezi ramu hata kidogo, muuzaji akikuambia inaongeza ondoka. Chukua yenye alama ya A1, na kadi ya GB 512 kwa bei ya chakula cha mchana ni feki, itapokea picha vizuri tu halafu ikifika ukubwa wake wa kweli zinaanza kuharibika.

Tatu betri, na hapa wengi wanapoteza hela. Betri mpya haiharakishi Android nyingi, angalia kwanza kama Battery saver imewashwa maana ndiyo inayopunguza kasi. Aifoni ni tofauti, Apple walikiri 2017 kwamba zenye betri chakavu zinapunguzwa kasi zisizime ghafla, hivyo ukikuta kwenye Battery Health imeandika betri imechoka, badilisha, ni nafuu kuliko simu.

Mwisho kabisa simu mpya, na dalili yake ni hii: nafasi ipo wazi lakini ukitoka WhatsApp kwenda kamera ukirudi inaanza kufunguka upya. Hiyo ni ramu ndogo na haiongezeki, ile ramu ya ziada wanayoitangaza inakopa kwenye storage na ni polepole zaidi. Nunua ramu GB 4 kwenda juu, 6 kama mfuko unaruhusu, na storage 128. Yule dada kafuta video zake, simu yake haijahitaji hata kadi.