Uzoefu wangu: bango la A1 la koni ya aiskrimu, kwenye stika ya nje

Kazi ilikuwa bango la A1, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1, la koni ya aiskrimu inayoyeyuka juani. Limebandikwa kwenye ukuta wa duka jijini Dar es Salaam, upande unaopigwa na jua la mchana hadi magharibi. Duka la uchapaji lilitumia stika ya vinili, wino wa solventi na laminesheni ya kung'aa. Kwa mistari, nawapa alama zote. Kwa rangi, chapa ya kwanza niliirudisha.

Pinki ya stroberi ndiyo iliyoharibika. Faili niliyopeleka ilikuwa ya RGB, na pinki yake ilikuwa `#FF3FA4`. Kioo cha kompyuta huiwasha rangi hiyo kwa mwanga, lakini mashine ile inachanganya wino wa saiani, majenta, njano na mweusi tu, haiwezi kuifikia. Programu ikaishusha hadi rangi ya karibu inayochapika, na aiskrimu ikatoka imefifia kama mtindi wa jana. Fundi mzuri angelisema hilo kabla ya kuwasha mashine.

Dawa yake ni kuchora kwa CMYK, yaani kwa wino hizo nne, tangu mwanzo. Pinki ya chapa ya pili ina majenta asilimia 75 na njano asilimia 5, bila saiani kabisa, maana hata saiani 10 huitia ukijivu. Nyuma yake nikaweka bluu ya bahari, saiani 70 na majenta 10, na pinki ikaruka mbele.

Tone linalochuruzika ndilo linalomfanya mpita njia aone kiu, kwa hiyo liangalie kwa karibu. Shingo yake iwe nyembamba na chini liwe zito, duara. Upande wa jua acha mstari mwembamba mweupe usio na wino wowote. Kivuli chake usikitengeneze kwa nyeusi, kwani aiskrimu itafanana na tope. Tumia majenta 95, njano 30 na saiani 15.

Kabla ya kulipia yote, omba kipande cha A4 chenye tone hilo kwa ukubwa wake halisi, kitoe nje saa saba mchana, ukitazame kutoka hatua kumi. Taa za ndani ya duka hudanganya.

Kuhusu laminesheni, ile ya kung'aa sitaichukua tena kwa ukuta kama huu: alasiri inageuka kioo na koni haionekani ukiwa pembeni. Chagua isiyong'aa yenye kinga ya jua, kwani pinki na njano ndizo hutangulia kupauka. Tena wasibandike siku ileile. Wino wa solventi uachwe upumue saa 24, la sivyo mvuke wake unalegeza gundi na kingo zinaanza kujikunja.