Uzoefu wangu: miezi saba ya kulipa mzigo wa Nakuru kwa picha ya weibili

Nina duka la vyakula vya mifugo hapa Kisumu, upande wa Kibuye, na sehemu kubwa ya mali yangu hutoka kwa msagaji wa Nakuru. Kwa miezi saba sasa mzigo huo umeletwa na kampuni moja ya malori ambayo sitaitaja jina. Nitaeleza jinsi huduma yao inavyofanya kazi na bili moja iliyonifundisha kuisoma, kwa sababu najua wenzangu wengi wenye agroveti wanalipa bili kama hiyo bila kuifungua.

Mpango wenyewe ni huu. Lori likishapakiwa Nakuru, karani wao huandika hati ya mzigo, ile ambayo kila mtu barabarani anaiita weibili, kisha anaipiga picha na kunitumia kwa simu kabla gari halijaondoka. Mzigo ukifika nausaini, dereva anapiga picha nyingine yenye sahihi yangu na muhuri wa duka. Mwisho wa mwezi bili inakuja, na kila mstari wa bili una namba ya weibili yake. Malipo yanafuata kadi ya bei tuliyotia sahihi mwanzoni, ambayo inasema hivi: mzigo usiofika tani 3 ni shilingi 24 kwa tani moja kwa kila kilomita, tani 3 hadi 7 ni shilingi 18, na zaidi ya tani 7 ni shilingi 14. Umbali wa Nakuru hadi Kisumu umeandikwa kwenye kadi kuwa kilomita 185, kwa njia ya Mau Summit na Kericho. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16.

Miezi mitatu ya kwanza nililipa bila kukagua. Mwezi wa nne nilikuwa nimeagiza magunia 60 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa, kila gunia kilo 70. Huhitaji mizani kujua uzito huo: 60 mara 70 ni kilo 4,200, yaani tani 4.2. Nikafanya hesabu nyuma ya kitabu cha madeni. Tani 4.2 mara kilomita 185 ni 777, mara shilingi 18 ni 13,986. Bili iliyokuja ilisema 22,848 kabla ya kodi.

Kwanza nilidhani wamekosea kuandika. Nikafungua picha kwenye simu na kukuta weibili mbili. Magunia yangu 40 yalipakiwa kwenye lori la kwanza, na 20 yaliyobaki yakaingia lori la siku ya pili kwa sababu la kwanza lilikuwa limejaa. Nilikumbuka kweli kwamba nilipokea mara mbili, lakini sikujua kwamba kukata mzigo mara mbili kunabadilisha bei yake. Magunia 40 ni tani 2.8, na 20 ni tani 1.4. Kila kipande peke yake hakifiki tani 3, kwa hiyo vyote viwili viliangukia ngazi ya shilingi 24. Mzigo uleule na barabara ileile, ila bei imepanda kwa theluthi kwa sababu tu lori lao lilijaa.

Hiyo haikumaliza tofauti yote. Niliivuta picha ya weibili ya pili nikaona sehemu ya umbali imeandikwa 310. Nikampigia dereva, na akanieleza bila kuficha: siku ile alikuwa na mizigo ya Eldoret, Webuye na Kakamega, akaishusha kwanza ndipo akateremka Kisumu. Karani alikuwa ameandika kilomita ambazo gari lingekwenda. Lakini kadi haisemi kilomita ambazo gari limekwenda, inasema 185. Kama wao wana wateja watatu njiani, safari ya kuwazungukia wateja hao si mzigo wangu, na wateja hao nao wanalipia sehemu yao.

Kwa hiyo hesabu yao ilikuwa hivi: tani 2.8 kwa kilomita 185 kwa shilingi 24 ni 12,432, na tani 1.4 kwa kilomita 310 kwa shilingi 24 ni 10,416. Jumla ndiyo ile 22,848. Hapo angalau nilijua kila shilingi imetoka wapi, na nakushauri usiende kulalamika kabla hujafika hapo. Ukimwambia mtu wa hesabu "bili yenu ni kubwa", atakuambia mafuta yamepanda. Ukimwambia "weibili ya pili ina kilomita 310 na kadi ina 185", hana pa kuegemea ila karatasi.

Meneja wao wa Nakuru alinipokea kwa heshima. Suala la umbali alilikubali palepale. La kugawanya mzigo lilituchukua simu tatu. Yeye alisema kila weibili ni safari yake, mimi nikasema oda ilikuwa moja na mimi sikuomba igawanywe. Ukweli ni kwamba kadi haikuwa imesema lolote kuhusu jambo hilo, na hapo nilikosa pa kusimama. Lakini ilikuwa na kifungu kingine chini kabisa, kwa maandishi madogo: mzigo ukikaribia ngazi inayofuata, mteja atalipa kwa hesabu iliyo nafuu kati ya mbili.

Naomba usikie kifungu hiki vizuri, maana wengi hatukijui. Ukilipia tani 2.8 kwa shilingi 24, unalipa shilingi 67.20 kwa kila kilomita. Ukisema nihesabieni kama tani 3 kamili kwa shilingi 18, unalipa 54. Yaani unalipia kilo 200 ambazo huna, na bado unapata nafuu. Kwa kadi yangu mpaka uko kwenye kilo 2,250: chini ya hapo baki kwenye shilingi 24, juu ya hapo omba uhesabiwe tani 3. Ukitaka kuujua mpaka wa kadi yako, chukua uzito ambapo ngazi inaanza, zidisha kwa bei ya ngazi hiyo, gawanya kwa bei ya ngazi ya chini yake. Kwangu ni 3 mara 18 gawanya kwa 24. Kampuni isiyokuwa na kifungu hicho kwenye kadi, kiombe kabla ya kusaini.

Basi tukakubaliana hivi. Weibili ya kwanza ikahesabiwa kama tani 3 kwa shilingi 18, ikawa 9,990. Ya pili ikabaki tani 1.4 kwa shilingi 24, lakini kwa kilomita 185, ikawa 6,216. Jumla 16,206. Bado nililipa 2,220 zaidi ya hesabu yangu ya kwanza, na sikufurahi, ila nilipunguziwa 6,642, na kodi yake juu. Bili ilikuwa imeshapitia eTIMS, mfumo wa bili wa mamlaka ya kodi, na bili iliyoshapita huko haifutwi wala kurekebishwa kwa kalamu. Walitoa kredit noti yenye namba ya bili ile ya kwanza. Usikubali kuambiwa "tutakupunguzia mwezi ujao" kwa mdomo, kwa sababu vitabu vyako vya VAT vitabaki na kiasi kisicho cha kweli.

Sasa nizungumzie picha zenyewe, maana bila hizo nisingekuwa na kitu mkononi. Za mwanzo zilikuwa mbaya. Karani alikuwa anapiga nakala ya chini, ile ya kaboni iliyofifia, usiku, kwa mwanga wa simu, karatasi ikiwa ndani ya plastiki inayong'aa. Kuna picha moja ambayo sijui hadi leo kama uzito ni 1.4 au 7.4, na nyingine nukta imepotea kabisa ikawa 14. Kilichoniokoa ni idadi ya magunia, ambayo huandikwa sehemu nyingine ya karatasi. Magunia 20 ya kilo 70 hayawezi kuwa tani 7.4. Ndiyo maana nasisitiza weibili iwe na idadi na uzito wa gunia moja, si uzito wa jumla pekee. Mtu wa mzigo usio na magunia sawa, kama mabati au viti, hana kinga hiyo, na yeye anahitaji picha ya risiti ya mizani pamoja na weibili.

Niliwaomba mambo machache na wameyafanya: wapige nakala ya juu, karatasi ikiwa imelala bapa, pembe zote nne zionekane, na waitume WhatsApp kama faili badala ya picha ya kawaida, kwa kuwa picha ya kawaida hupunguzwa ubora na tarakimu ndogo zinakuwa ukungu ukizivuta. Tarehe nayo lazima isomeke. Kadi yetu inaruhusu bei kusogea dizeli ikisogea, na EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 zianze kutumika tarehe 15. Mzigo uliopakiwa jioni ya tarehe 14 una bei ya zamani hata ukinifikia kesho yake, na ushahidi pekee ni ile tarehe ya kupakia.

Ningewapendekeza? Ndiyo, kwa mtu aliye tayari kukaa na simu na kadi nusu saa kila mwisho wa mwezi. Mali yangu haijawahi kulowa wala kupungua gunia, na madereva wao wanasubiri nihesabu kabla sijasaini, jambo ambalo kampuni niliyotumia awali haikuliruhusu. Kadi mpya tuliyosaini mwezi uliopita ina mstari wa ziada: oda moja ya mpokeaji mmoja, hata ikija kwa malori mawili ndani ya siku tatu, uzito wake unajumlishwa. Lalamiko langu moja bado halijajibiwa. Wanakuza uzito hadi kilo 100 inayofuata kwenye kila weibili, na juzi magunia yangu 45, ambayo ni kilo 3,150, yaliandikwa 3,200. Kwa safari moja ni shilingi 166.50 tu. Mimi hupakia mara nne kwa mwezi, na barua yangu iko mezani kwa meneja.