Vidonge vya B kompleksi: mimi havikunipa nguvu, na mama alichohitaji hakikuwemo

Vidonge ninavyovizungumzia mnavijua. Ni vile vidogo vya manjano au kahawia ambavyo muuzaji wa duka la dawa huvihesabu kutoka kwenye kopo na kukutilia kwenye kibahasha. Nilivitumia wiki kadhaa nikiwa na uchovu usioisha, halafu nikahamia kwenye vile vya bei, vya kutumbukiza kwenye glasi ya maji vikatoa povu. Nyumbani mama naye alikuwa akinywa vile vya kopo kwa sababu ya ganzi ya miguu. Nimeona matokeo kwetu sote wawili na yalitofautiana sana, ndiyo maana naandika.

Nianze na langu, maana ni fupi. Vya kopo havikunibadilisha chochote isipokuwa rangi ya mkojo, ambao uligeuka manjano ya kung'aa. Hiyo ni riboflavini, yaani vitamini B2: mwili ukishachukua inayoutosha, inayobaki hutolewa na figo. Watu wengi huiona rangi ile wakasema dawa inafanya kazi. Inachoonyesha ni kwamba sehemu ya ulichonunua imetoka.

Vile vya povu vilinichangamsha kweli siku za mwanzo. Kisha nikasoma ubavuni mwa kikopo nikakuta kuna kafeini ndani yake. Kikombe cha chai ya rangi kingenifikisha hapohapo kwa bei ndogo zaidi.

Vitamini B zenyewe hazina nguvu ndani yake. Nguvu ya mwili inatoka kwenye ugali, wali, maharage, mafuta na samaki. Vitamini hizi ni wasaidizi wa vimeng'enya vinavyokibadilisha chakula hicho kiwe nguvu. Kwenye shughuli, wapishi wakipungua chakula kinachelewa, lakini wakishatosha, kuwaongeza hakuongezi mchele sufuriani. Kwa hiyo anayepata nguvu kutokana na vidonge hivi ni yule aliyekuwa amepungukiwa, na zaidi ya hapo, kidonge lazima kiwe na ile vitamini aliyopungukiwa.

Mimi nilichopungukiwa hakikuwa vitamini B. Nilipofanya kipimo cha damu, kile wanachoandika FBP kwenye karatasi, hemoglobini ilikuwa 9.6, na mstari wa MCV, unaoonyesha ukubwa wa chembe nyekundu, ulisoma 71. Kawaida ni kati ya 80 na 100. Chembe zikiwa ndogo hivyo kwa mwanamke anayetoka damu nyingi ya hedhi, kitu cha kwanza kushukiwa ni upungufu wa madini ya chuma. Daktari akaniandikia vidonge vya chuma na tukaanza kutafuta sababu ya hedhi nzito. Nguvu zilirudi taratibu. Ningeweza kumaliza kopo zima la B kompleksi, damu ikabaki palepale.

Sasa ya mama, na hapa nitakaa zaidi.

Mama ana kisukari cha muda mrefu. Anatumia metformini miligramu 1000 asubuhi na 1000 jioni, na kwa sababu ya kiungulia amekuwa akinywa omeprazoli kwa miaka. Miguu ilianza kumchoma usiku, kisha ikaingia ganzi, akawa anavua kandambili bila kujua imebaki wapi. Na uchovu: akifagia uwanja lazima akae katikati ya kazi. Kila aliyemsikia alimwambia, "Hiyo ni sukari, mama, inakula mishipa." Ni kweli sukari huharibu mishipa ya fahamu. Ila sukari yake ilikuwa imedhibitiwa vizuri kwa muda mrefu, na ganzi ilikuwa inazidi.

Daktari aliyemwona kliniki alimuuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: metformini ameitumia miaka mingapi, na pamoja na dawa gani? Akaagiza FBP na kipimo cha B12. Hiki cha pili zahanati nyingi hazina, ilibidi twende maabara ya mjini na tulipe wenyewe. Majibu: hemoglobini 11.2, MCV 104, B12 pikogramu 118 kwa mililita. Chini ya 200 kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu. Angalia MCV inavyosema kinyume na yangu: chembe zangu zilikuwa ndogo, za mama zilikuwa kubwa kupita kiasi. B12 au foliki ikikosekana, chembe changa za damu zinashindwa kugawanyika sawasawa, zinatoka kubwa na chache. Lakini msiitegemee alama hiyo peke yake. Mtu anaweza kuwa na damu ya kawaida kabisa huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia.

Daktari alitueleza safari ya B12, na nilipoielewa mambo yote yakakaa mahali pake. B12 ya kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa imeshikamana na protini. Asidi ya tumbo ndiyo inayosaidia kuitenganisha, na omeprazoli hupunguza asidi hiyo. Ikishatengana, hushikwa na protini maalumu inayotengenezwa na tumbo, ikasafirishwa hadi mwisho wa utumbo mwembamba na kufyonzwa pale. Metformini huvuruga ufyonzaji wa pale mwishoni. Mama alikuwa amezibiwa njia kwenye vituo viwili. Haikuonekana mapema kwa sababu ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, na akiba ilipokwisha ndipo miguu ilipoanza kulalamika. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba upungufu wa B12 ni athari ya kawaida ya metformini, hasa kwa wanaotumia dozi kubwa au kwa miaka mingi. Hilo lilistahili kusikika kwenye kila kliniki ya kisukari.

Na vile vidonge vya kopo alivyokuwa akinywa? Nilirudi dukani nikaomba kuliona kopo lenyewe. Liliandikwa: thiamini (B1) miligramu 5, riboflavini (B2) miligramu 2, nikotinamidi (B3) miligramu 20, piridoksini (B6) miligramu 2. Basi. B12 hakuna. Foliki hakuna. Mchanganyiko wa namna hii ni wa kawaida sana kwa vidonge vya bei nafuu. Mtu anaambiwa "nenda kanywe B kompleksi uongeze damu," anainywa kwa uaminifu, na zile mbili zinazohusika na damu moja kwa moja hazimo. Kati ya yote niliyojifunza, hili ndilo ningependa kila msomaji alichukue: jina la B kompleksi halikuhakikishii vitamini B zote nane, kwa hiyo omba kuona kopo.

Mama alianzishiwa sindano za haidroksokobalamini miligramu 1, ile dawa nyekundu, siku moja ndiyo, siku moja hapana mwanzoni, halafu zikawekwa mbalimbali. Metformini hakuachishwa, na tafadhali asiachishe mtu mzazi wake kwa kusoma hapa, kwa maana sukari ikipanda itaumiza mishipa ileile. Omeprazoli ndiyo daktari aliyoipunguza mpaka ikasimama. Uchovu ulianza kuondoka ndani ya wiki chache. Alifagia uwanja wote bila kukaa. Miguu ilichukua miezi. Moto wa usiku umetulia, ganzi imepungua hadi kwenye vidole tu, na daktari ametuambia wazi kwamba hicho kilichobaki huenda kisiondoke, kwa sababu mishipa ilikaa muda mrefu bila B12.

Kuna pia vidonge vya B12 vya mikrogramu 1000. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, hivyo kiasi hicho kinaonekana cha ajabu, lakini kina sababu. Asilimia 1 hivi hupenya ukuta wa utumbo yenyewe bila kuhitaji ile njia iliyozibwa, na asilimia 1 ya 1000 ni 10, inamtosha mtu. Mama atahamia huko baadaye. Kidonge chenye mikrogramu 5 au 10 kisingemfaa yeye, hata kama B12 imeandikwa kwenye boksi.

Tahadhari moja ya foliki. Ukimpa mwenye upungufu wa B12 foliki peke yake, damu inaweza kupanda na kila mtu akafurahi, huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika kimyakimya. B12 kwanza, au zote pamoja.

Tahadhari ya pili ni ya vile vidonge ambavyo watu huviita vya mishipa. Vingi vina B6 nyingi mno, miligramu 100 au 200 kwa kidonge. B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi na miguu kuwaka, dalili zilezile zilizomfanya mtu avinunue. Anaona ganzi haiishi, anaongeza. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha juu cha B6 kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Kama unavinywa kwa miezi na ganzi inapanda, mwonyeshe daktari boksi.

Hata hivyo B6 ina watu wake, na kwao si anasa. Anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa piridoksini, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku, kwa sababu dawa ile huipoteza B6 mwilini. Jirani yetu alikuwa anaiacha akidhani ni vitamini tu za kuongeza hamu ya kula. Ameze. Mjamzito na anayepanga mimba anahitaji foliki mikrogramu 400, na inafaa ianze kabla ya mimba kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufunga wiki za mwanzo kabisa. Mwenye selimundu hupewa foliki kubwa zaidi, mara nyingi miligramu 5, kwa kuwa mwili wake unatengeneza chembe mpya bila kupumzika. Mnywaji wa pombe wa muda mrefu anapungukiwa thiamini, naye akianza kuyumba na kuchanganyikiwa ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, si wa kununuliwa vidonge. Na asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa atahitaji B12 ya dukani au vyakula vilivyoongezwa B12, maana mchicha na maharage hazina.

Ukiwa nje ya makundi hayo, unakula dagaa, mayai, maharage na mboga, na bado unachoka, fedha ya vidonge iweke kwenye FBP na kipimo cha sukari kwanza. Kwa wenye wazazi wanaotumia metformini: kliniki ijayo mwombeni daktari kipimo cha B12, na mtajieni pia kila dawa ya tumbo mzazi anayokunywa, hata ile ya kununua mwenyewe bila kuandikiwa.